Kinauma au Kinawasha?

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alitoboa pua hapa Leicester. Siku ya tatu akanitumia picha saa saba usiku: "Dada, imeoza?" Pua ilikuwa imevimba kidogo, ukiigusa ni ya moto, na kandokando ya kipini kulikuwa na ukoko.

Haikuoza. Siku za mwanzo tundu linavimba na kutoa majimaji mepesi, meupe au ya manjano kwa mbali, yasiyo na harufu. Yakikauka ndiyo huo ukoko. Cha kuangalia ni mwelekeo: maumivu ya siku ya tano yawe madogo kuliko ya siku ya pili. Nikamwambia anawe mikono, alainishe ukoko kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku, robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, na aache kukizungusha kile kipini. Kukizungusha kunachana ngozi mpya inayoota ndani.

Akatulia. Wiki ya tano akakosa subira, akabadilisha. Ni mapema mno, tundu la pua linachukua miezi. Akavaa pete ndogo ya "dhahabu" aliyoinunua mtandaoni kwa pauni nne. Baada ya siku mbili hivi shida ikaanza upya, naye akaamua kwamba sasa ni vijidudu kweli. Akapaka dawa kali ya kuua vijidudu. Bibi, kwa simu, akashauri manjano. Ngozi ikazidi kukasirika.

Aliyemwokoa ni mfamasia wa mtaani, kwa swali moja tu: kinauma au kinawasha?

Kilikuwa kinawasha. Mpaka usingizi hana. Ngozi imekauka, inachubuka, ina vipele vidogo vya maji, na vyote vimefuata pale pete ilipogusa. Usaha hakuna, homa hakuna. Halafu mfamasia akauliza kuhusu kifungo cha jinzi. Kumbe miaka yote ana kibaka kinachowasha chini ya kitovu, sisi tukidhani ni joto!

Hiyo ni aleji ya nikeli. Haiji papo hapo, huchukua siku moja hadi tatu baada ya chuma kugusa ngozi, ndiyo maana watu hawaiunganishi na pete. Pete za bei rahisi hupakwa dhahabu juu tu, ikikwanguka, chini ni nikeli. Hata chuma cha pua kina nikeli ndani yake (na hapana, jina hilo halimaanishi kimetengenezwa kwa ajili ya pua zetu). Kwa watu wengi hakitoi nikeli ya kutosha kuwasumbua, ila mwenye aleji anaweza kusumbuka. Alivyoweka kipini cha titani, muwasho ukaisha ndani ya wiki mbili. Baadaye hospitali walimbandika vibandiko mgongoni kwa siku mbili, na kile cha nikeli kikavimba.

Vijidudu vingekuwa na sura nyingine. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yanageuka na kupanda, yanadundadunda, joto linaenea, usaha unakuwa mzito wa manjano au kijani na unanuka. Karatasi nyingi za maelezo zinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi kama yangu wekundu hauonekani vizuri: sehemu inakuwa zambarau, au nyeusi kuliko kawaida. Kwa hiyo tumia mgongo wa mkono, linganisha joto la upande huu na ule. Ukiona dalili hizo usichomoe kipini mwenyewe, tundu linaweza kujifunga na usaha ukabaki ndani. Muone daktari, au piga 111. Ukiwa na homa, au ikiwa ni gegedu la juu ya sikio, usisubiri kesho. Gegedu halina damu ya kutosha, sikio linaweza kubaki limekunjamana.

Na tatuu je? Hapo rangi ndiyo inayokupa jibu. Nina rafiki mwenye waridi mkononi, na mwaka mzima baada ya kuchorwa, petali nyekundu zilivimba na kuwasha huku majani meusi yametulia kabisa. Vijidudu havichagui rangi, na mara nyingi huja siku au wiki za mwanzo. Aleji ya wino inachagua, hasa mwekundu, na inaweza kuchelewa miezi au miaka. Ubaya wake ni kwamba wino hauchomolewi kama kipini. Daktari wa ngozi alimchoma sindano za steroidi kwenye petali zenyewe, na akamkataza kukimbilia leza, kwa sababu leza huvunja wino vipande na inaweza kuamsha aleji mwili mzima.