Nakala Imefika, Lakini Je, Inafunguka?

Usiku wa kuamkia Februari 1, 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. GitLab huwatunzia waandishi wa programu kazi zao, na wateja wake wametapakaa duniani kote. Seva ya pili, ambayo kazi yake ni kufuata ya kwanza hatua kwa hatua, ilikuwa imebaki nyuma na haikutaka kuanza upya. Mhandisi akaamua kufuta folda ya data kwenye hiyo ya pili ili aanze na ukurasa mtupu. Amri aliyoandika ilikuwa sahihi. Seva aliyoiandikia ndiyo haikuwa yenyewe: alikuwa kwenye ile ya kwanza, inayohudumia wateja. Aliposhtuka na kuikatiza, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5.

Ajali za namna hii hutokea, na ndiyo maana bekapu zikawepo. Kinachofanya kisa hiki kisimuliwe hadi leo ni yaliyofuata. Walipoiendea hifadhi ya mbali, kule ambako nakala ya hifadhidata ilitakiwa kupelekwa kila siku, waliikuta tupu.

Sababu yake ilikuwa ndogo mno. Hifadhidata yao ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, lakini programu ya kutoa nakala, `pg_dump`, ilikuwa ikiendeshwa kwa toleo la 9.2. Programu hiyo hukataa kunakili seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Hutoa ujumbe wa kosa na kuacha kazi. Kwa hiyo kila ilipofika zamu ya bekapu, ilianza na kuanguka papo hapo. Ujumbe wa kosa ulitumwa kwa barua pepe, ila barua hizo hazikuwa na saini inayotakiwa na mfumo wa kuzuia barua za uongo, zikakataliwa kabla hazijamfikia mtu. Bekapu ilikuwa ikishindwa, na kengele ya kusema imeshindwa nayo haikulia.

Waliokolewa na bahati. Saa kama sita kabla ya ajali, mhandisi huyohuyo alikuwa amepiga nakala kwa mkono kwa ajili ya kufanyia majaribio. Hiyo ndiyo iliyorejeshwa, na kwa kuwa ilikuwa kwenye diski za polepole, kazi iliendelea hadi karibu saa tatu usiku wa Februari 1 kwa saa za Afrika Mashariki. Programu zenyewe za wateja hazikupotea, lakini kumbukumbu za miradi ipatayo 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya kama 700 zilikwenda. Kampuni ilieleza yote hadharani, hata kazi ya urejeshaji ikarushwa moja kwa moja mtandaoni. Binafsi nawasifu kwa hilo. Mashirika mengi yangeandika "hitilafu ya kiufundi" na kunyamaza.

Msomaji anaweza kusema: hao hawakuangalia hata kama faili limefika, wangeangalia, wangeona pengo. Ni kweli. Lakini upo ugonjwa mbaya zaidi, ambapo faili hufika kila usiku, lina tarehe ya leo na jina sahihi, na ndani yake hamna kitu.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye seva moja ofisini Arusha. Hifadhidata yake inaitwa `akiba`, na kila usiku nakala hupelekwa kwenye seva ya kukodi Dar es Salaam, ili moto au wezi wa Arusha wasichukue vyote. Fundi ameandika mstari huu, ambao nimeuona kwa sura mbalimbali katika ofisi nyingi:

```
pg_dump akiba | gzip > akiba.sql.gz
```

Upande wa kushoto unatoa data, upande wa kulia unaibana na kuiandika kwenye faili. Kasoro imo katikati. Kompyuta ikiulizwa kama kazi imefaulu, kwa kawaida hujibu kwa niaba ya programu ya mwisho tu, yaani `gzip`. Nywila ya hifadhidata ikibadilishwa, au matoleo yasipolingana kama kule GitLab, `pg_dump` huanguka bila kutoa hata herufi moja. `gzip` hupokea utupu, huubana kwa uaminifu, na kutangaza kuwa kazi imekwisha salama. Faili linalotokea lina baiti 20. Linasafiri hadi Dar es Salaam, na ripoti ya asubuhi inasema: limefika.

Wengine huongeza ukaguzi wa alama ya faili, `sha256sum`, kulinganisha lililotumwa na lililopokelewa. Ukaguzi huo ni mzuri kwa kazi yake, kwani unathibitisha kuwa njiani hakuna kilichoharibika. Baiti 20 zilizotoka Arusha ndizo baiti 20 zilizofika Dar es Salaam, na alama zitalingana barabara. Kupima ukubwa wa faili kungenasa kosa hili, lakini kusingenasa faili lililokatika karibu na mwisho kwa sababu diski ilijaa.

Kinachobaki ni kulifungua. Unachukua nakala ile iliyoko mbali, siyo iliyobaki ofisini, unaipeleka kwenye mashine nyingine kabisa, na kuijenga upya:

```
set -o pipefail
createdb akiba_jaribio
gunzip -c akiba.sql.gz |
  psql -v ON_ERROR_STOP=1 -d akiba_jaribio
```

Mstari wa kwanza unaiambia kompyuta isijibu kwa niaba ya wa mwisho pekee: yeyote katika mnyororo akianguka, kazi nzima ihesabiwe imeanguka. Mstari huohuo ungepaswa kuwepo pia kwenye zoezi la usiku kule Arusha. Maneno `ON_ERROR_STOP=1` nayo hayaachwi, kwa sababu `psql` ina tabia ya kukutana na kosa, kulichapisha, kisha kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Bila maneno hayo unaweza kupata hifadhidata isiyo na jedwali la mikopo na bado ukaambiwa umefaulu.

Mara nyingi jaribio la kwanza hukwama hapa, na kukwama huko kuna faida. Kosa la kawaida ni hili: `role "karani" does not exist`. `pg_dump` huchukua majedwali na data ya hifadhidata moja. Haichukui majina ya watumiaji wa seva na nywila zao. Hizo hutolewa kwa amri nyingine, `pg_dumpall --globals-only`. Fundi akijaribu kwenye seva ileile ya Arusha hataliona kosa hili kamwe, maana watumiaji wote wapo tayari. Ndiyo sababu nasisitiza mashine nyingine. Huko ndiko pia mtu hugundua kwamba nakala ilifungwa kwa nywila ya siri, na nywila hiyo imehifadhiwa kwenye seva ya Arusha tu, ile tunayojifanya imeungua.

Tuseme sasa urejeshaji umekwisha bila kosa. Bado haujathibitisha lolote kuhusu yaliyomo, kwa sababu lile faili la baiti 20 nalo lingepita: halina amri yoyote ndani, kwa hiyo halina cha kukosewa. Inabidi uihoji hifadhidata iliyojengwa:

```
SELECT count(*), max(tarehe) FROM miamala;
```

Swali la kwanza ni idadi ya miamala, la pili ni tarehe ya muamala wa mwisho. Kwenye baiti 20 jedwali lenyewe halitakuwepo, na utaambiwa hivyo waziwazi. Ila tarehe ndiyo naithamini zaidi. Fikiria chama kimehamia seva mpya mwezi wa tatu, na zoezi la usiku likaachwa linanakili seva ya zamani, ambayo bado inawaka kabatini. Faili litakuwa kubwa, zima, lenye alama sahihi, na litajengeka bila kosa hata moja. Muamala wa mwisho tu ndio utakaokuambia kwamba umebeba data ya mwezi wa tatu hadi mwezi wa tisa.

Idadi nayo ina mtego wake. Ukilinganisha nakala ya usiku na seva hai ya saa nne asubuhi, hazitalingana, kwa kuwa wanachama wameshaanza kuweka pesa. Hesabu miamala ya hadi mwisho wa mwezi uliofungwa, pande zote mbili. Hiyo haitakiwi kubadilika. Kisha mpe mhasibu, siyo fundi, akutajie jumla ya akiba kwenye taarifa yake iliyochapishwa, na uone kama hifadhidata ya jaribio inatoa shilingi zilezile. Fundi hujua majedwali yapo. Mhasibu ndiye anayejua kama hesabu ni ya kweli.

Andika pia muda uliotumika. Kujenga upya kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko kunakili, kwa sababu faharasa hazimo ndani ya faili. Yamo maelezo ya kuzitengeneza tu, na mashine huzitengeneza moja baada ya nyingine. Nakala iliyotolewa kwa dakika chache inaweza kudai saa kadhaa kurudi, ukiongeza na muda wa kulivuta faili kutoka Dar es Salaam kwa intaneti ya ofisi. Bodi ya chama inahitaji kuijua namba hiyo kabla wanachama hawajapanga foleni mlangoni.

Jaribio lenyewe lina hatari zake mbili. Ukiwasha mfumo mzima juu ya nakala hiyo, unaweza kuanza kuwatumia wanachama halisi ujumbe wa simu kuhusu mikopo ya jana; kwa hiyo mashine ya jaribio ikatiwe njia ya kutoka nje. Na kumbuka kwamba imebeba majina na salio za watu, hivyo hifadhidata ifutwe ukaguzi ukiisha.

Si lazima haya yafanywe kwa mkono kila usiku. Baada ya ajali, GitLab waliamua majaribio ya kurejesha yajiendeshe yenyewe, na chama kidogo kinaweza kufanya vivyo hivyo mara moja kwa wiki kwa mistari michache niliyoionyesha. Sharti langu ni kwamba taarifa ya kufaulu iletwe pia, siyo ya kushindwa peke yake, na itaje tarehe ya muamala wa mwisho. Ukingoja barua ya kushindwa tu, ukimya utauhesabu kuwa ni heri, na kule GitLab ukimya ndio uliowaponza.

Kama uko kwenye kamati au bodi ya chama, shule au zahanati inayotunza kumbukumbu zake kwenye kompyuta, muulize mtu wa TEHAMA mambo matatu: mara ya mwisho nakala ya mbali ilirejeshwa lini, ilichukua muda gani, na muamala wa mwisho ndani yake ulikuwa wa tarehe gani. Akikujibu kuwa mafaili yanafika kila usiku, mwombe arejeshe moja wiki hii, ukiwa umeketi hapo.