Aya Inapoandikwa Kwenye Video: Pa Kukata, wa Kutajwa na Muda wa Kuonyesha



Darsa nyingi za akina mama siku hizi hufika nyumbani kwa njia ya simu. Video fupi hutengenezwa chumbani huko Kabiro, Kawangware, asubuhi, na kabla ya adhuhuri imekwisha kufika Kibera, Mombasa na Lamu. Ndani yake huwa na aya, maana yake kwa Kiswahili, na pengine hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Leo tunataka kuangalia jambo moja tu: maandishi hayo yawekwe vipi kiooni ili mtazamaji apokee kile kilichosemwa, si pungufu wala zaidi.

Tutachukua sura moja fupi na kuifuata hadi mwisho, nayo ni Surat Al-Maun, sura ya 107, yenye aya 7. Tumeichagua kwa sababu watoto wetu wengi wameihifadhi, na kwa sababu mambo karibu yote yanayoharibika kwenye video yanaweza kuonekana ndani yake.

Pa kukata

Aya ya 4 ya sura hii ina maneno mawili tu ya Kiarabu, na ndani yake mna onyo kali kwa wanaoswali. Ikisimama peke yake, mtu anaweza kudhani kwamba swala yenyewe ndiyo inayolaumiwa. Aya ya 5 ndiyo inayobainisha ni wanaoswali gani: wale wanaoipuuza swala yao. Walimu wa tajwidi wamelizungumza sana jambo hili. Wako waliosema kwamba kusimama mwishoni mwa kila aya ni sunna, hata hapa, na wako waliochukia msomaji kusimama hapo. Lakini hata waliojuzisha walimfikiria msomaji anayevuta pumzi kisha akaendelea, na msikilizaji wake angali amekaa mbele yake.

Kioo cha simu hakina pumzi. Mtengenezaji akiweka kila aya kwenye ukurasa wake, aya ya 4 itasimama peke yake kwa sekunde kadhaa. Mtazamaji akisimamisha video hapo, au akipiga picha ya skrini na kuituma, aya ya 5 haitamfuata. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kugawa kurasa kwa maana, si kwa nambari. Sura hii hugawanyika vizuri katika kurasa nne. Aya ya 1, ambayo ni swali, hukaa peke yake. Aya ya 2 na ya 3, ambazo ni jibu, hukaa pamoja. Aya ya 4 na ya 5 hazitenganishwi kabisa. Kisha aya ya 6 na ya 7 hufunga.

Kuna mkato mwingine ambao mtengenezaji haufanyi yeye, bali hufanywa na simu. Stetasi ya WhatsApp kwa miaka mingi ilikuwa ikikubali sekunde 30 tu, na iliyozidi hapo hukatwa na kuwa kipande kingine. Kikomo hicho kimeongezwa baadaye, lakini kikomo bado kipo, na simu zenye programu ya zamani hubaki na kile cha awali. Tupige hesabu. Jina la darsa likikaa sekunde 4, ukurasa wa kwanza sekunde 8, na wa pili sekunde 10, tumekwisha fika sekunde ya 22. Ukurasa wa aya ya 4 na ya 5 ukihitaji sekunde 10, utamalizika sekunde ya 32. Mkato wa sekunde ya 30 utaangukia katikati yake, na huenda msomaji wa sauti ndiyo kwanza amefika kwenye onyo. Dawa ni nyepesi: jina la darsa lipunguzwe hadi sekunde 2, au video itengenezwe tangu mwanzo kuwa vipande viwili, aya 1 hadi 3, kisha 4 hadi 7.

Tarjuma ya nani?

Kurani kwa Kiswahili ina tarjuma kadhaa, na zinazotumika zaidi majumbani mwetu ni mbili. Ya kwanza ni ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambayo ilichapishwa Nairobi mwaka 1969. Ya pili ni ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, iliyotoka mwaka 1995 ikifuata tafsiri ya Kiarabu iitwayo Al-Muntakhab. Hii ya pili ndiyo inayopatikana kwenye tovuti ya tanzil.net, na kwa hiyo ndiyo inayonakiliwa sana kutoka kwenye simu, mara nyingi bila jina la mwenyewe.

Tazameni neno la mwisho la sura yetu, ambalo ndilo jina lake: maun. Imepokewa kutoka kwa Ibn Masud kwamba ni vile vyombo ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo. Imepokewa kutoka kwa Ali kwamba ni zaka. Mfasiri hana budi kuchagua neno, na lolote atakalochagua litaelekeza darsa. Mama wa Kabiro, anayeishi kwenye ploti ambako bomba ni moja na milango kumi, akisikia maana ya kwanza atakumbuka jirani aliyekuja kuazima sufuria. Akisikia ya pili atakumbuka mali iliyotimiza nisabu. Maana zote mbili zina asili kwa wanavyuoni, ila si haki kuonyesha moja kama kwamba ndiyo Kiarabu chenyewe kilivyo. Jina la mfasiri likiandikwa, mtazamaji anajua kuwa anasoma fahamu ya mwanachuoni fulani, na akitaka kuchunguza anajua pa kwenda.

Neno dogo nalo lina uzito. Katika aya ya 5, Kiarabu kimetumia herufi yenye maana ya kughafilika na swala, yaani kuiacha au kuichelewesha hadi wakati wake upite. Hakikutumia herufi yenye maana ya kughafilika ndani ya swala. Wanavyuoni wa zamani walimshukuru Mwenyezi Mungu kwa tofauti hiyo, kwa kuwa ni nani kati yetu asiyesahau rakaa siku moja? Anayejitungia maana yake mwenyewe kwa haraka, akaandika kwamba onyo ni kwa wanaosahau ndani ya swala zao, amewatia hofu wazee na wagonjwa ambao aya haikuwakusudia. Hivyo ndivyo kosa la tarjuma linavyojulikana: linganisheni na tarjuma mbili zilizochapishwa. Zikitofautiana kwa msamiati tu, hakuna neno. Yako ikisimama peke yake dhidi ya zote mbili, mpelekeeni mwalimu kabla ya kuituma.

Chagueni tarjuma moja na mwendelee nayo hadi mwisho wa video. Msichukue nusu kwa Al-Farsy na nusu kwa Al-Barwani. Maneno yaliyo katika mabano ni maelezo ya mfasiri. Yakiachwa mabano yabaki, na yakiondolewa yaondolewe yote pamoja na mabano yake. Kubakiza maneno na kufuta mabano ni kuyatia maelezo ya mwanadamu katika safu ya aya.

Rejeo lisilopotea

Jina la sura, nambari ya aya na jina la mfasiri vikae kwenye ukurasa ule ule wa aya, kwa muda wote aya inapoonekana. Wengi huviweka mwisho wa video, pamoja na shukrani, na kipande kikishakatwa na kutumwa upya mwisho huo haupo tena. Mstari mfupi unatosha, kwa mfano: Al-Maun 107:4-5, tarjuma ya Al-Farsy. Uwekwe juu au katikati, kwa kuwa sehemu ya chini ya kioo hufunikwa na vitufe na maelezo ya programu. Jihadharini pia na hesabu ya aya: chapa za Ahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, na anayechukua nambari humo atakuta kila aya imesogea kwa moja.

Hadithi huhitaji zaidi. Chukueni ile maarufu ya Pepo kuwa chini ya nyayo za akina mama, ambayo huandikwa kwenye video za harusi na za maziko. Kwa tamko hilo la jumla, isnadi yake imedhoofishwa na wanavyuoni. Lakini iko katika Sunan ya An-Nasai, nambari 3104, habari ya Jahima, aliyemwendea Mtume akitaka kutoka vitani. Akaulizwa kama ana mama, na alipojibu kuwa anaye, aliamrishwa ashikamane naye, kwa kuwa Pepo iko chini ya miguu yake. Anayetaka maana hii basi aitaje riwaya hiyo, kwa jina la kitabu, nambari na mpokezi, Muawiya bin Jahima. Kuandika "Hadithi" peke yake si rejeo.

Muda wa jicho

Wanaoandika maandishi ya filamu wana desturi ya kuweka mistari miwili, kila mmoja usiozidi herufi 42 hivi, na kuiacha kwa sekunde kama 6. Hiyo ni kwa msomaji mwepesi. Kwa darsa yenye bibi na mtoto wa darasa la nne, tuhesabu herufi 12 kwa sekunde. Tuseme maana ya aya ya 4 na ya 5 katika tarjuma yenu ina herufi 72: hizo ni sekunde 6. Mstari wa rejeo tulioutaja una herufi 36: sekunde 3. Ongezeni sekunde 1 ya jicho kufika, mtapata sekunde 10. Msomaji wa sauti akichukua muda mrefu zaidi, ukurasa umngojee amalize. Usiondoke yeye akiwa katikati ya neno.

Sauti na maandishi visishindane. Kisomo cha Kiarabu kikiendelea, asiwepo mtu wa kuzungumza juu yake. Akija msomaji wa Kiswahili, asome maneno yale yale yaliyo kiooni. Akisoma ya Al-Farsy huku kioo kikionyesha ya Al-Barwani, mtazamaji atapoteza yote mawili.

Mwisho, itazameni Kiarabu chenyewe. Baadhi ya programu za kutengeneza video haziwezi kukiandika: herufi husimama moja moja bila kuungana, na maneno hujipanga kutoka kushoto. Mkiona hivyo, msijaribu kuirekebisha kwa mkono. Wekeni picha ya ukurasa wa msahafu, au maandishi ya tanzil.net, ambao wameruhusu yanakiliwe kwa sharti yasibadilishwe. Kisha kabla ya kutuma, mpeni simu mtoto wa madrasa aliyehifadhi sura hiyo, sauti ikiwa imezimwa, asome kiooni kwa sauti yake. Akikwama pahali, au ukurasa ukimkimbia kabla hajamaliza, hapo ndipo pa kurekebisha.