Kipeuo cha Pili katika Hesabu za Baki: Tupime Kwanza Kama Kipo

Katika mazoezi ya kufundisha huko Nassa, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, mwanachuo mmoja aliandaa somo la hesabu za saa kwa namna iliyotupendeza. Aliwachukua watoto nje, wakachimba mashimo 13 kwa duara na kuyapa namba kuanzia 0 hadi 12. Watoto wa huko wanaufahamu mchezo wa bao, ambao kwa Kisukuma huitwa isolo, kwa hiyo kupanda kete shimo baada ya shimo halikuwa jambo geni kwao. Kete ya kwanza ilitiwa katika shimo la 1, na kete ya 13 ilirudi katika shimo la 0. Mtoto aliyepewa 7 × 7, yaani kete 49, alizunguka duara mara tatu, na kete yake ya mwisho ikaangukia shimo la 10.

Ndipo mwalimu akageuza swali: ni namba gani ikizidishwa kwa yenyewe, kete ya mwisho itaangukia shimo la 5? Watoto walipanda kete hadi kengele ikalia. Mtoto mmoja aliandika katika daftari lake neno “hakuna”, naye akatiwa alama ya kosa. Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma kusimamia somo hatukusema neno. Jioni tulipoketi kuhesabu ndipo tulipotambua kwamba mtoto yule ndiye pekee aliyejibu sawasawa.

Makala haya yanaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kujua, kabla ya kuingia darasani, kama swali la namna hiyo lina jibu, na jinsi ya kulipata jibu hilo likiwapo.

Kipeuo ni nini katika duara

Tunaposema 49 ≡ 10 (moduli 13), maana yake ni kwamba 49 na 10 huacha baki ileile zikigawanywa kwa 13. Kwa hiyo 7 ni kipeuo cha pili cha 10 katika moduli 13. Shimo la 12 laweza pia kuitwa −1, kwa sababu liko hatua moja nyuma ya 0. Vivyo hivyo 6 ni sawa na −7, nayo mraba wake, 36, huangukia pia shimo la 10. Vipeuo huja viwiliviwili, kimoja upande huu wa duara na kingine upande wa pili.

Tukipanga miraba ya 1 hadi 6 tunapata 1, 4, 9, 3, 12, 10. Miraba ya 7 hadi 12 hurudia hizohizo kwa kinyume. Basi kati ya mashimo 12 yasiyo sifuri, ni 6 tu yenye vipeuo, na shimo la 5 halimo. Hali ni hiyohiyo kwa kila namba tasa iliyo witiri: nusu ya namba zina vipeuo, nusu hazina. Mwalimu anayetunga swali kwa kubahatisha ana nafasi sawa ya kuwapa watoto swali lisilo na jibu.

Kipimo cha Euler

Kwa duara la mashimo 13 tunaweza kuandika miraba yote. Kwa namba tasa kubwa kazi hiyo haiwezekani, na hapo tunahitaji kipimo alichokionyesha mtaalamu Leonhard Euler katika karne ya 18. Namba tasa tuiite p, na namba tunayoitafutia kipeuo tuiite a, nayo isiwe kigawe cha p. Tukokotoe a kwa kipeo cha (p − 1)/2, tukitoa baki kila hatua. Jibu likiwa 1, kipeuo kipo. Likiwa −1, yaani p − 1, hakipo. Hakuna jibu la tatu. Likitokea jingine, tujue tumekosea kuzidisha au p si namba tasa.

Tuipime 5 katika moduli 13. Kipeo ni 6. Hatuna haja ya kuzidisha 5 mara sita. Tunapanda kwa miraba:

5² = 25 ≡ 12
5⁴ ≡ 12² = 144 ≡ 1
5⁶ = 5⁴ × 5² ≡ 1 × 12 = 12

Kumi na mbili ni −1. Kipeuo hakipo, na mtoto wetu alikuwa na haki. Tuipime 10 kwa njia hiyohiyo: 10² ≡ 9, 10⁴ ≡ 81 ≡ 3, na 10⁶ ≡ 3 × 9 = 27 ≡ 1. Kipeuo kipo.

Kwa nini kipimo hiki ni cha kuaminika? Fermat alionyesha kwamba namba yoyote isiyo kigawe cha p, ikipewa kipeo cha p − 1, hutoa 1. Kipimo chetu kinatumia nusu ya kipeo hicho, kwa hiyo mraba wa jibu lake ni 1. Na katika moduli ya namba tasa, namba ambayo mraba wake ni 1 ni 1 au −1 tu. Sasa, kama a ni mraba wa x, basi a kwa nusu ya kipeo ni x kwa kipeo kizima, nayo ni 1. Namba zinazotoa 1 haziwezi kuzidi nusu ya namba zote, kwa kuwa mlinganyo haupati majibu mengi kuliko kipeo chake. Nusu hiyo imekwisha kujazwa na miraba. Zisizo miraba hazina pa kwenda ila kwenye −1.

Kipeuo kwa njia fupi

Kipimo hutuambia kwamba kipeuo kipo. Hakituambii ni kipi. Lakini kama p ikigawanywa kwa 4 huacha baki 3, kazi iliyobaki ni ndogo mno: kipeuo ni a kwa kipeo cha (p + 1)/4. Tuchukue p = 23 na a = 13. Kwanza tupime, kwa kipeo cha 11:

13² = 169 ≡ 8
13⁴ ≡ 64 ≡ 18
13⁸ ≡ 324 ≡ 2
13¹¹ ≡ 2 × 8 × 13 = 208 ≡ 1

Kipeuo kipo. Sasa (23 + 1)/4 = 6, na 13⁶ ≡ 18 × 8 = 144 ≡ 6. Tuhakiki: 6² = 36 ≡ 13. Kipeuo cha pili yake ni 23 − 6 = 17.

Njia hii ina mtego kwa anayeruka kipimo. Tujaribu a = 5 katika moduli 23: 5² ≡ 2, 5⁴ ≡ 4, na 5⁶ ≡ 8. Namba imepatikana, nayo inaonekana kama jibu. Lakini 8² = 64 ≡ 18, na 18 ni −5, si 5. Namba 5 haina kipeuo katika moduli 23, na kanuni imetupa kipeuo cha −5 bila kutuonya. Ndiyo sababu tunapima kwanza, na kuhakiki kwa kuzidisha mwishoni.

Pale njia fupi isipofaa

Kama p huacha baki 1 ikigawanywa kwa 4, (p + 1)/4 si namba kamili na njia fupi hukwama. Njia ya kufuata iliandikwa na Mwitalia Alberto Tonelli mwaka 1891, na Mmarekani Daniel Shanks aliieleza upya mwaka 1973. Tuifuate kwa p = 41 na a = 5. Kipimo: 5⁵ ≡ 9, 5¹⁰ ≡ 81 ≡ −1, 5²⁰ ≡ 1. Kipeuo kipo.

Tugawe p − 1 katika sehemu ya miwili na sehemu witiri: 40 = 8 × 5. Tuanze na makisio R = 5³ = 125 ≡ 2, ambapo kipeo 3 ni nusu ya 5 + 1. Mraba wa makisio hayo ni 5⁶, yaani 5 × 5⁵. Kwa hiyo makisio yana kasoro t = 5⁵ ≡ 9, na wakati wote tutakuwa na usawa huu: R² ≡ a × t. Kasoro ikiwa 1, R ndiyo kipeuo.

Kifaa cha kuondolea kasoro ni namba yoyote isiyo na kipeuo. Tunaitafuta kwa kujaribu: 2 hupimwa 1, haifai, 3 hupimwa −1, inafaa. Tunakokotoa 3⁵ = 243 ≡ 38, kisha tunachukua mraba mara kwa mara, tukipata ngazi: 38, 9, 40, 1. Namba 38 huhitaji hatua tatu kufika 1.

Sasa kasoro 9 huhitaji hatua mbili: 9, 40, 1. Tunachukua kutoka kwenye ngazi namba inayohitaji hatua moja zaidi ya kasoro, yaani 38. Tunazidisha R kwa 38, na t kwa mraba wa 38, ambao ni 9:

R = 2 × 38 = 76 ≡ 35
t = 9 × 9 = 81 ≡ 40

Kasoro 40 huhitaji hatua moja tu. Namba ya ngazi yenye hatua mbili ni 9, na mraba wake ni 40:

R = 35 × 9 = 315 ≡ 28
t = 40 × 40 ≡ 1

Kasoro imekwisha. Tuhakiki: 28² = 784 = 19 × 41 + 5. Vipeuo ni 28 na 13.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, huenda kasoro isiwe namba iliyomo katika ngazi yetu. Tunachohesabu ni hatua zake tu, na kila mara hupungua. Pili, kama a haina kipeuo, kasoro ya mwanzo itahitaji hatua zote tatu sawa na 38, na hakutakuwa na namba ya juu yake ya kuchukua. Anayepima kwanza hafiki hapo.

Maswali ya kujipima

1. Pima kama 3 na 7 zina vipeuo katika moduli 19. Pale kipeuo kipo, kitafute kwa njia fupi.
2. Katika moduli 13, tafuta vipeuo vya 10 kwa njia ya Tonelli, ukitumia 2 kama namba isiyo na kipeuo. Hakiki R² ≡ a × t kila hatua.
3. Tunga swali moja la duara la mashimo 11 ambalo lina jibu, na moja ambalo halina. Andika alama utakazompa mtoto atakayejibu “hakuna” katika kila moja.

Mtoto wa Nassa alirudishiwa daftari lake siku ya pili, alama ikiwa imesahihishwa. Mwanachuo wetu ndiye aliyeomba kufanya hivyo mwenyewe, mbele ya darasa.