Baki Lazima Liwe Moja

Kila mwisho wa mwezi, katika kampuni za Dar es Salaam na Mombasa zinazoagiza vipuri kutoka Dubai, orodha ya malipo humfikia mhasibu ikiwa imepita mikono kadhaa. Namba moja ilinakiliwa kutoka kwenye ankara iliyofifia, nyingine ilisomwa kwa simu, ya tatu ilitumwa kwa WhatsApp. Ikiingizwa kwenye mfumo wa benki na kosa lake, malipo yanaweza kurudi siku kadhaa baadaye yakiwa yamekatwa ada, au yakaangukia akaunti ya mtu mwingine. Mengi ya makosa hayo yanaweza kunaswa orodha ikiwa bado mezani.

Benki za Falme za Kiarabu hutumia namba ya akaunti ya kimataifa iitwayo IBAN. Ya kwao ina vibambo 23, si zaidi wala pungufu: herufi AE, tarakimu mbili za ukaguzi, tatu za benki, kisha 16 za akaunti. Oman nao wana 23, Saudi Arabia 24, Kuwait 30. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kuhesabu. Kwenye Excel, fomula hii huondoa nafasi na kutoa urefu:

```
=LEN(SUBSTITUTE(B2," ",""))
```

Jibu likiwa 22 kwa muuzaji wa Dubai, kuna tarakimu iliyodondoka, na mstari huo unasimama hapohapo. Likiwa 24, huenda tarakimu imerudiwa, au kuna nafasi isiyoonekana iliyoingia pamoja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye PDF.

Urefu hauoni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, na hilo ndilo kosa la kawaida la kidole chenye haraka. Hapo huingia tarakimu za ukaguzi. Chukua namba hii ya mfano inayotumika kufundishia: AE07 0331 2345 6789 0123 456. Vibambo vinne vya mwanzo hupelekwa mwisho, kisha herufi hugeuzwa kuwa namba: A ni 10, B ni 11, na kuendelea, hivyo E ni 14. Tunapata 0331234567890123456101407. Namba hiyo ikigawanywa kwa 97, baki lazima liwe 1.

Excel haiwezi kuigawanya kwa mkupuo, kwa kuwa hutunza tarakimu 15 tu za namba na kuzigeuza zilizobaki kuwa sifuri. Inabidi kwenda kwa vipande. Tarakimu kumi za kwanza, 0331234567, zinabakiza 34. Baki hilo hutangulizwa mbele ya tarakimu saba zinazofuata: 348901234, ambayo inabakiza 91. Kisha 915610140 inabakiza 77. Imesalia tarakimu 7, nayo inatupa 777, ambayo ni 97 mara nane na moja juu. Baki ni 1, namba imepita.

Sasa karani aandike 6879 badala ya 6789. Urefu ni uleule 23, na jicho lililochoka halioni tofauti. Lakini baki linakuwa 90. Kwa kuwa 97 ni namba tasa, kubadilisha tarakimu moja, au kupishanisha mbili zinazofuatana ambazo hazifanani, hakuwezi kamwe kurudisha baki la 1.

Namba ikikataa, isirekebishwe kwa kubahatisha. Ukiiacha 6879 ilivyo na kubadilisha 07 kuwa 15, hesabu itapita vizuri, ilhali akaunti ni ileile isiyo sahihi. Jambo la kufanya ni kumpigia muuzaji kwa simu iliyomo kwenye kumbukumbu za zamani za kampuni, si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe mpya.

Tahadhari hiyo ya simu ni muhimu hata kwa namba zilizopita. Tapeli anayejifanya muuzaji hutuma IBAN halali kabisa, ya akaunti yake mwenyewe, na hesabu ya 97 huikubali. Vilevile, akaunti ya muuzaji mmoja ikibandikwa kwenye mstari wa mwenzake, baki litakuwa 1 kama kawaida. Kipimo hiki kinajua namba imeandikwa sawasawa. Hakijui ni ya nani.

Tanzania na Kenya hazimo katika mfumo wa IBAN, kwa hiyo kwa wauzaji wa ndani kinachobaki ni urefu uliowekwa na kila benki. Hapo adui ni Excel yenyewe, ambayo hufuta sifuri ya mwanzo isipoambiwa kuwa safu ile ni maandishi. Mhasibu, iweke safu ya akaunti katika muundo wa maandishi kabla hujabandika namba hata moja: sifuri ikishafutwa, kubadili muundo baadaye hakuirudishi.