Ratiba ya mwaka ya sindano kwa nguruwe: ukurutu, chawa na minyoo

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja hapa Mbozi, ana nguruwe majike manne, dume mmoja na wengine kumi na tatu wa kunenepesha. "Bwana shamba, nimewachoma sindano wote mwezi wa tatu, mbona wanajikuna tena?" Nikaenda. Nikamuuliza, wote ni akina nani? Kumbe dume hakuchomwa kwa sababu ni mkali. Na hao wengine walichomwa mara moja tu, basi.

Makosa yote mawili nayakuta kila siku. Dawa tunayotumia ni ivamektini ya asilimia 1. Inaua wadudu wa ukurutu, chawa na minyoo mikubwa ya tumboni kwa pamoja, ndiyo maana ratiba inaweza kuwa moja. Lakini haiui mayai. Mayai ya ukurutu na ya chawa yanabaki kwenye ngozi na manyoya, yanaanguliwa baadaye, na mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo sindano ya pili inafuata baada ya siku 14, hata kama mnyama anaonekana amepona. Usiiruke hiyo ya pili.

Yule dume tulimshika, tukaangalia ndani ya masikio. Magamba ya kijivu, mazito. Hapo ndipo ukurutu unapojificha, na kila jike aliyepandwa naye anaondoka na wadudu. Ukitaka uhakika, kwangua magamba hayo, weka kwenye karatasi nyeusi juani kwa muda, uangalie kwa makini: utaona vidoa vyeupe vidogo vinatembea. Chawa hawahitaji hayo yote, ni wakubwa, utawaona nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo. Ngozi ikiwa na magamba lakini nguruwe hajikuni, huenda tatizo ni lishe, muite mtaalamu kwanza.

Kipimo ni mililita 1 kwa kila kilo 33, chini ya ngozi, shingoni nyuma ya sikio. Uzito usikisie, maana ukipunja dawa wadudu wanabaki. Chukua futi ya fundi cherehani. Jike mmoja wa kijana huyu alikuwa na mzunguko wa kifua mita 1.2 na urefu wa mita 1.3 kuanzia katikati ya masikio hadi shina la mkia. Unazidisha 1.2 × 1.2 × 1.3 × 69.3, unapata kama kilo 130. Huyo anachomwa mililita 4. Yeye alikuwa amempa 2.

Sasa ratiba. Siku ya kuanza, wachome wote siku moja, dume akiwemo, na urudie baada ya siku 14. Siku hizo hizo toa matandiko yote ya banda na uyachome moto. Baada ya hapo dume anapata sindano mbili Januari na mbili Julai. Majike hawaendi kwa kalenda ya ukutani, wanakwenda kwa mimba. Tuseme amepandwa tarehe 5 Januari. Ongeza siku 114, atazaa karibu tarehe 29 Aprili. Mchome tarehe 5 Aprili na tena tarehe 19, ili anaponyonyesha asiwe na wadudu wa kuwapa watoto. Kabla hajaingia chumba cha kuzalia, muogeshe kwa sabuni, hasa chuchu na tumbo. Mayai ya minyoo yananata pale, kitoto kinanyonya na kuyameza. Mayai hayo yanakaa kwenye banda chafu kwa miaka, dawa haiyagusi. Ni kusugua sakafu tu.

Watoto wakiachishwa wiki ya nane, yaani tarehe 24 Juni, nao wanachomwa kabla ya kuhamia banda safi. Wa kilo 10 anapata mililita 0.3, kwa hiyo tumia bomba la mililita 1, lile kubwa litakudanganya. Nguruwe yeyote unayemnunua nje, mtenge, mchome mara mbili, ndipo aungane na wenzake.

Oili chafu ya gari, achana nayo. Haifiki ndani ya sikio, na inaingiza sumu kwenye ngozi.

Tena, sindano hii haiui yale malengelenge ya tegu kwenye nyama. Hayo yanazuiwa kwa choo cha watu na kwa kutoachia nguruwe wazurure.

Kitu cha mwisho nilichomwambia kijana ni kuhusu wale kumi na tatu. Sita alitaka kuwauza wiki ileile. Hao nilimwambia asiwachome kabisa, awatenge tu na wengine. Dawa inabaki kwenye nyama, na lebo ya chupa yake ilisema siku 28 kabla ya kuchinja. Saba waliobaki tuliwachoma, na siku hiyohiyo akaandika tarehe ukutani kwa mkaa, ya kurudia na ya kuuza.