Namba Moja Kati ya Arobaini

Saa moja na nusu asubuhi, kikao hakijaanza, meneja wa mamlaka ya maji anafungua simu. Mtaalamu wake wa takwimu amemtumia picha ya skrini ya dashibodi ya mwezi uliopita. Anataka kujua jambo moja tu: upotevu wa maji umefika asilimia ngapi? Picha ina namba zaidi ya arobaini. Jibu limo humo, lakini meneja anaikuza picha kwa vidole, anaisogeza kushoto, anairudisha kulia, na wenzake wameshaanza kuingia ukumbini.

Mamlaka hii ni ya mfano na namba zake nimezitunga, lakini hesabu yenyewe ndiyo inayofanywa kweli. Tuseme mwezi huo mitambo ilizalisha mita za ujazo 900,000, na ankara zilizotolewa zilikuwa za mita 612,000. Zile 288,000 zilizobaki hazikuingia kwenye ankara ya mtu yeyote. Zimepitia kwenye mabomba yaliyopasuka, dira mbovu na watu waliojiunganishia maji kinyemela. Ukigawanya 288,000 kwa 900,000 unapata asilimia 32. Lengo ni 25, na mwezi uliotangulia ilikuwa 29. Hali imeharibika, na meneja anatakiwa kuliona hilo kabla chai haijapoa.

Sasa tuziweke mezani picha mbili zenye takwimu zilezile. Picha ya kwanza ina nembo kubwa juu, kisha geji sita za duara kama zile za gari, kila moja ikiwa na kijani, njano na nyekundu. Chini yake kuna duara la rangi nane linaloonyesha wateja wa kila kanda, na jedwali lenye mistari minene. Asilimia 32 imeandikwa kwa herufi ndogo ndani ya geji ya nne. Picha ya pili ina 32% peke yake juu kushoto, kwa herufi kubwa nyekundu. Chini ya namba hiyo kumeandikwa lengo na namba ya mwezi uliopita, kisha mihimili ya kanda imepangwa kuanzia ile inayopoteza maji mengi zaidi. Vingine vyote ni vya kijivu.

Kusema kwamba ya pili ni nzuri zaidi hakutoshi, kwa sababu aliyeichora ya kwanza naye anaiona nzuri. Ipimwe. Mwambie meneja swali kwanza, ndipo umwonyeshe picha, na uanze kuhesabu sekunde pale picha inapotokea. Simamisha saa anapotamka jibu, kisha andika muda na jibu lenyewe. Usimpe mtu mmoja picha zote mbili zikiwa na namba ileile, maana akifika kwenye ya pili atakuwa amekwisha kulijua jibu. Ama ugawe watu makundi mawili, ama ubadilishe namba na mpangilio wa nani aanze na ipi.

Tuseme watu sita walioona picha ya kwanza walitumia sekunde 9, 11, 12, 14, 17 na 41. Ukitafuta wastani unapata sekunde 17 na kidogo, na huyo wa 41 ndiye aliyeuvuta juu; labda simu yake iliita katikati. Afadhali uchukue muda wa katikati, yaani zipange kuanzia ndogo hadi kubwa na usome iliyo kati: hapa ni 13. Kwa picha ya pili tuseme walitumia 2, 3, 3, 4, 5 na 6, na katikati ni tatu na nusu. Kwa watu sita sita, tofauti kubwa kama hii inaonekana. Tofauti ya nusu sekunde haithibitishi kitu.

Kwa nini pengo linakuwa kubwa hivyo? Mwaka 1980, Anne Treisman na Garry Gelade walichapisha nadharia ya namna jicho linavyotafuta. Kitu kinachotofautiana na vyote vinavyokizunguka kwa sifa moja, kama rangi, hujitokeza chenyewe, na kuongeza vitu vya kando hakumcheleweshi sana anayetafuta. Fikiria uwanja wa swala ya Idi uliojaa kanzu nyeupe, na mtoto mmoja aliyevaa shati la njano. Wawe watu hamsini au mia tano, utamwona papo hapo. Lakini mtafute mtoto huyohuyo sokoni, penye khanga za kila rangi, na itakubidi upitie mmoja mmoja. Picha ya kwanza ni soko: nyekundu imo katika geji zote sita, kwa hiyo haimwambii mtu atazame wapi. Mimi ningeziondoa geji zote. Stephen Few, aliyeandika kitabu kizima juu ya dashibodi mwaka 2006, alizipinga kwa sababu zinakula nafasi kubwa na kutoa habari kidogo.

Muda pekee, hata hivyo, unadanganya. Katika picha ya kwanza, geji ya tano inaonyesha upotevu tangu mwaka wa fedha uanze: asilimia 27. Meneja mwenye haraka anaweza kuitamka hiyo kwa sekunde tano, akaonekana hodari kuliko wote, na akaenda kikaoni na namba isiyo yake. Ndiyo maana majibu ya makosa huhesabiwa kando, wala hayachanganywi na muda wa waliopatia. Ukiona watu wawili kati ya sita wanasoma namba jirani, kasoro iko kwenye picha. Namba mbili zenye jina moja zimewekwa bega kwa bega bila kuandikwa wazi ipi ni ya mwezi na ipi ni ya mwaka.

Picha ya pili nayo haikusalimika. Baada ya swali la kwanza, uliza la pili: hali ni nzuri au mbaya, na kwa kiasi gani? Hapo waliojibu haraka wanaweza kukwama. Mchoraji, katika kupunguza msongamano, aliandika lengo kwa kijivu hafifu mno, na kwenye simu iliyo juani halionekani kabisa. Namba inapatikana kwa sekunde tatu lakini haina cha kulinganishwa nacho. Tiba yake ni ndogo: andika lengo kwa rangi nzito, au weka mhimili mmoja wenye mstari unaokatiza pale penye 25, jicho lione urefu uliozidi.

Kabla ya kuwasumbua mameneja, finya macho hadi picha iwe kama ukungu. Kinachobaki kuonekana ndicho kitakachotazamwa kwanza. Kama ni nembo, rudi ukachore. Kisha ijaribu kwa ukubwa ilionao simuni, maana picha iliyopimwa kwenye skrini pana ya ofisini ikisomeka vizuri haijasema lolote juu ya simu. Jaribio hili pia halipimi vichujio wala muda wa ukurasa kufunguka, kwa kuwa picha ya skrini haibonyezeki.

Jaribio moja husahaulika mara nyingi. Badilisha takwimu ziwe za mwezi mzuri, upotevu ukiwa asilimia 23, upige picha upya. Kama ile namba kubwa bado ni nyekundu kwa sababu mchoraji aliipaka moja kwa moja, meneja ataiona kwa sekunde mbili na kuita kikao cha dharura mwezi ambao mafundi wake wamefanya kazi nzuri.