Jina Lililobaki Kwenye Fomu

William Kennedy alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kemikali ya DuPont nchini Marekani. Mwaka 1974 alijaza fomu ya mfuko wa akiba wa kampuni, akamtaja mkewe, Liv, kuwa ndiye atakayelipwa endapo yeye atafariki. Hakuandika jina la pili. Mwaka 1994 walitalikiana, na hukumu ya talaka ikamwondolea Liv haki yoyote katika pensheni na akiba za mume wake. Baada ya talaka, Kennedy alijaza fomu mpya ya mpango wa pensheni akamtaja binti yake, Kari. Fomu ya mfuko wa akiba hakuigusa.

Alifariki mwaka 2001. Mfuko ule ulikuwa na takriban dola 400,000. Kari, aliyekuwa akisimamia mirathi ya baba yake, aliiomba kampuni iziingize fedha hizo kwenye mirathi. Kampuni ikafungua faili, ikaona jina lililokuwamo, ikamlipa Liv. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 2009 majaji wote walikubaliana kwamba kampuni haikukosea: kazi ya msimamizi wa mfuko ni kufuata nyaraka za mfuko, si kuchambua hukumu za talaka za wanachama wake. Kama baadaye familia ingeweza kumdai Liv mwenyewe fedha hizo, hilo mahakama haikuliamua.

Wengi wakisikia habari hii huuliza: kwani mirathi haigawanywi na mahakama? Hugawanywa. Ila fedha hizi hazikuwa mirathi. Mtu akifa, mali yake hutoka kwa milango miwili. Shamba, nyumba, gari, mifugo na fedha za benki zilizo kwa jina lake peke yake hupita mlango wa mirathi. Pensheni na bima ya maisha yenye mnufaika aliyetajwa hupita mlango mwingine kabisa, na ufunguo wa mlango huo ni fomu.

Nchini Kenya sheria inalisema wazi. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinaeleza kwamba mwanachama wa mfuko wa pensheni akifariki, mafao yake hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi, na wadhamini wa mfuko watayalipa kwa kufuata kanuni za mfuko wenyewe. Bima ya maisha nayo, ikiwa na mnufaika aliyetajwa, hulipwa kwa mtu huyo moja kwa moja kwa mujibu wa mkataba. Hata wosia ulioandikwa vizuri na kushuhudiwa ipasavyo unaweza kuikosa fedha hiyo, kwa sababu wosia hugawa kile tu kinachopita mlango wa kwanza.

Tofauti ya kwanza ambayo familia huihisi ni muda. Kwenye mirathi, jamaa huanza kwa barua ya chifu, wakafungua shauri mahakamani, tangazo likachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hata baada ya barua za usimamizi kutolewa, kwa kawaida husubiriwa miezi 6 kabla ya mahakama kuthibitisha mgawanyo. Ndugu wakivutana, miezi hugeuka miaka. Mfuko wa pensheni hauhitaji safari hiyo. Huhitaji cheti cha kifo, vitambulisho, nambari za akaunti na fomu iliyomo kwenye faili.

Tofauti ya pili ni madeni. Mali ya mirathi hulipa kwanza gharama za mazishi na wadai wa marehemu, ndipo warithi wagawane kilichosalia. Fedha za mnufaika hazipiti kwa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayemdai marehemu hawezi kuzizuia hapo. Kuna jambo moja la kuangalia: kama bima ya maisha ilikabidhiwa benki kuwa dhamana ya mkopo, benki huchukua chake kwanza, na mnufaika hupata salio.

Tuchukue mfano wa kubuni wa karani wa Nakuru aliyeajiriwa akiwa na miaka 24, hajaoa. Siku ya kwanza kazini alipewa fomu akamwandika mama yake, asilimia 100. Baadaye alioa, akapata watoto wawili. Anafariki akiwa na mshahara wa shilingi 80,000 kwa mwezi. Hakuacha wosia. Kwenye mfuko wa pensheni ana shilingi milioni 2.4. Mwajiri ana bima ya kikundi inayolipa mshahara wa miaka mitatu, yaani 2,880,000. Ana pia kiwanja, shilingi 300,000 benki, na madeni ya 450,000.

Kwa mlango wa mirathi, Sheria ya Urithi ya Kenya inampa mjane vyombo vya nyumbani, pamoja na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote, kisha iwaendee watoto. Lakini mali yenyewe ni kiwanja na fedha zisizotosha hata kulipa madeni, na kiwanja huenda kikauzwa. Kwa mlango wa pili kuna shilingi 5,280,000, na jina lililoandikwa huko ni la mama. Mama hakudhulumu mtu. Alitajwa na mwanawe.

Je, mjane hana la kufanya? Hapo kanuni za mfuko ndizo zenye neno. Baadhi huwafunga wadhamini kufuata fomu jinsi ilivyo. Nyingine huichukulia fomu kama mapendekezo, zikiwaruhusu wadhamini kuwaangalia waliomtegemea marehemu. Ndiyo maana mifuko miwili inaweza kutoa majibu mawili kwa familia zenye hali moja, na ndiyo maana mwanachama anapaswa kuuliza swali hilo akiwa hai: fomu hii inawafunga wadhamini, au inawashauri tu?

Kwa Waislamu kuna swali jingine zito. Aliyetajwa ni mmiliki, au ni mpokeaji tu anayetakiwa kuwagawia warithi kwa mafungu ya Qurani? Nchini Malaysia, Baraza la Taifa la Fatwa liliamua mwaka 1973 kwamba aliyetajwa kwenye mfuko wa akiba wa wafanyakazi ni msimamizi tu. Msomaji wa Mombasa au Lamu atafanya vyema kumuuliza sheikh wake kabla ya kujaza fomu.

Fomu yenyewe huharibika kwa njia zinazojulikana. Mtu hutaja jina moja bila mbadala. Aliyetajwa akitangulia kufa, fedha za bima huweza kurudi kwenye mirathi na foleni yake yote. Mwingine huandika mtoto wa miaka mitano, na mtoto hawezi kupokea fedha mwenyewe, hivyo ni lazima atafutwe mtu wa kuzishika kwa niaba yake. Mwingine huandika "mke wangu" bila jina, na siku ya msiba wanajitokeza wawili. La kawaida zaidi ndilo lililomkuta Kennedy: mtu ana fomu tatu au nne, za pensheni, bima ya kikundi, bima binafsi na sacco, akabadilisha moja akidhani amemaliza. Kila mfuko husoma fomu yake tu. Anayebadilisha aombe nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa fomu mpya iliyobaki kwenye droo nyumbani inaweza isiwe na nguvu yoyote.

Mgogoro ukizuka, asiyeridhika na uamuzi wa wadhamini nchini Kenya anaweza kuandika kwa afisa mtendaji mkuu wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu akiomba uamuzi upitiwe upya, na asiporidhika tena apeleke rufaa kwenye baraza maalumu la rufaa za mafao ya kustaafu. Nyaraka za kwanza za kuomba ni mbili: nakala ya fomu ya mwisho iliyopokelewa na mfuko, na hati ya udhamini yenye kanuni zake.